Ramani inayopotea kwenye fotokopi

SWALI: Ramani yangu ina kata za rangi nyekundu na za kijani. Nikitoa fotokopi, zote zinafanana. Nifanyeje?

JIBU: Fotokopi nyeusi na nyeupe haijali rangi, inajali mwangaza. Piga hesabu ya kijivu: nyekundu kamili ni 0.299 × 255, yaani 76. Kijani cha 128 ni 0.587 × 128, yaani 75. Ni mapacha hao!

Tumia buluu peke yake, kuanzia iliyopauka hadi iliyokolea, madaraja matatu basi. Kata zilizopauka zitakuwa nyeupe kama karatasi, kwa hiyo zizungushie mstari mweusi mwembamba. Ukichagua rangi hizo kwenye tovuti ya ColorBrewer, weka tiki penye `photocopy safe`. Kisha jaribu nakala ya nakala, maana ndiyo itakayobandikwa ofisini kwa mtendaji.