Lithiamu, chumvi na chai: kwa nini dozi ileile inaweza kugeuka sumu

Lithiamu hutolewa katika kliniki za afya ya akili kwa watu wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Ni dawa ya zamani na inasaidia sana, lakini nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni ndogo. Kipimo cha damu cha mgonjwa wa kawaida kinatakiwa kuwa kati ya 0.6 na 1.0. Kikipita 1.5 mtu huanza kuumwa, na kikipita 2.0 maisha yake yako hatarini. Kipimo hicho kinaweza kupanda hata kama mgonjwa hajaongeza kidonge hata kimoja.

Siri iko kwenye figo. Lithiamu haivunjwivunjwi na ini kama dawa nyingi. Karibu yote hutoka kwa mkojo. Kwa figo, lithiamu inafanana mno na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya kula. Mwili ukiwa na chumvi ya kutosha, figo huruhusu sodiamu itoke na lithiamu hutoka nayo. Chumvi ikipungua, au mtu akikauka maji kwa kuhara, kutapika au jasho jingi, figo hujitahidi kurudisha sodiamu kwenye damu. Haziwezi kuchagua, kwa hiyo huirudisha lithiamu pia.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 52 anameza lithiamu miligramu 800 kila usiku, na kipimo chake kimekuwa 0.7 kwa miaka mitatu. Anapimwa presha kwenye zahanati nyingine na kukutwa iko juu. Anapewa haidroklorothiazaidi, kidonge cha kutoa maji mwilini, na kuambiwa apunguze chumvi. Ushauri huo ni mzuri kabisa kwa mgonjwa wa presha. Tatizo ni kwamba hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, naye hakusema, kwa sababu dawa za akili bado watu wanazionea haya.

Kidonge hicho hufukuza sodiamu kwenye mkojo. Figo zikihisi sodiamu inapotea, huanza kuirudisha kwa nguvu, pamoja na lithiamu. Kidonge cha aina hiyo peke yake kinaweza kupandisha lithiamu kwa robo au zaidi. Mama huyu, kwa bidii yake, akaacha chumvi ghafla siku hiyohiyo. Jirani akamshauri anywe maji ya ndevu za mahindi yaliyochemshwa, ili presha ishuke haraka. Hiyo nayo inakojoza. Na kwa kuwa aliambiwa chai si nzuri kwa presha, akaacha vikombe vyake vitano vya kila siku.

Hapo kwenye chai ndipo watu wengi hushangaa. Kafeini iliyomo kwenye chai, kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu husaidia figo kutoa lithiamu. Anayekunywa nyingi kila siku amepangiwa dozi inayolingana na mazoea yake. Akiacha ghafla, lithiamu hubaki mwilini. Kwa wanywaji wakubwa wa kahawa imeonekana kupanda kwa takriban robo. Kinyume chake, anayeanza kunywa kahawa nyingi anaweza kushusha dawa hadi ugonjwa urudi. Kwa hiyo hatumwambii mgonjwa wa lithiamu aache chai. Tunamwambia asibadilishe ghafla. Anayefunga Ramadhani hukumbana na mambo mawili pamoja, chai ya mchana kukatika na mwili kukosa maji, hivyo azungumze na kliniki kabla ya mwezi kuandama, si katikati yake.

Turudi kwa mama yetu. Siku ya sita mikono inatetemeka hadi chai ya binti yake inamwagika sinia nzima. Anaharisha, anatapika, anatembea akiyumba, na maneno yanamtoka mazito. Majirani wanadhani amelewa. Kuhara kwenyewe kunamkausha zaidi na kupandisha lithiamu zaidi, kama gari linaloteremka mlima bila breki. Binti anamfikisha hospitali akiwa na mfuko wenye vidonge vyote na chupa ya ile dawa ya ndevu za mahindi. Muuguzi anauliza, "Shikamoo mama, ni kitu gani umeanza au umeacha wiki hizi mbili?" Swali hilo, na ule mfuko, ndiyo yaliyoelekeza matibabu. Kipimo kilikuwa 1.9. Lithiamu na kidonge cha maji vilisimamishwa, akatundikiwa maji ya chumvi na kupimwa figo na moyo. Hali ikiwa mbaya zaidi, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine.

Mitishamba ya kukojoza si jambo la kudhania tu. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mwanamke aliyekuwa akitumia lithiamu na kumeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito. Ndani yake mlikuwa na ndevu za mahindi, pasili na majani mengine ya kukojoza. Alipata sumu ya lithiamu. Kwa hiyo neno "asilia" kwenye pakiti halikuambii chochote kuhusu figo zako.

Chumvi inaweza kukosea upande wa pili pia. Anayeanza kula chumvi nyingi, au kunywa dawa za kiungulia zenye soda na kupika kwa magadi mengi kuliko alivyozoea, hupeleka sodiamu nyingi kwenye figo, na lithiamu hutoka nayo. Dawa hushuka, usingizi hupotea, na familia huona dalili za zamani zikirudi. La msingi ni chumvi ya kadiri, ileile wiki hadi wiki.

Wapo pia wanaotumia vidonge vya maji bila lithiamu, nao wana tahadhari zao mbili. Ya kwanza ni sanamaki. Ukiinywa mara kwa mara ili kusafisha tumbo huku unameza haidroklorothiazaidi au furosemaidi, unapoteza potasiamu kwa njia mbili, mkojo na choo. Misuli hulegea na moyo hupiga ovyo. Ya pili ni ile chumvi ya dukani inayouzwa kama mbadala wa wagonjwa wa presha. Nyingi ni potasiamu. Anayemeza spironolaktoni, ambayo huzuia potasiamu isitoke, anaweza kuipandisha hadi moyo ukasimama. Soma pakiti, au mpelekee mfamasia akusomee.

Kwa wa lithiamu, dawa ya maumivu ya kununua dukani iwe paracetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uwezo wa figo kutoa lithiamu, na ndizo zinazoshikwa kwanza mgongo ukiuma. Dawa za presha kama enalaprili na losatani pia huipandisha. Daktari anaweza kuziandika, lakini kwa kupunguza dozi ya lithiamu na kurudia kipimo baada ya takriban wiki moja.

Damu ya kipimo hutolewa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, fika maabara saa tatu asubuhi kabla ya kumeza kingine. La sivyo namba itasoma juu kuliko ukweli. Kutetemeka kidogo kwa vidole ni kawaida kwa wengi. Kutetemeka kukubwa, kuyumba, ulimi mzito, kutapika au kuchanganyikiwa si kawaida: usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo na dawa zako zote mkononi, za hospitali na za mitishamba.