Somo: Kampuni mbili, tarehe mbili za kufunga hesabu



Katika somo la leo tuko pamoja na kamati inayotafuta mnunuzi wa kahawa. Mfano tumeutunga sisi wenyewe, na hesabu zake tumezifanya ndogo ili kila mtu aweze kuzifuata kwa kalamu. Lakini wale wanaouza kahawa kandokando ya ziwa Kivu wataijua hali hii mara moja.

Koperative inapata wanunuzi wawili. Wote wanaomba kitu kimoja: wachukue kahawa mwezi wa tano, walipe nusu, na nusu ingine walipe nyuma ya miezi mitatu. Maana yake ni kwamba wanachama ndio watamukopesha mnunuzi. Akianguka, jasho la msimu muzima linapotea. Kwa hiyo kamati inafanya vizuri: inawaomba wote wawili karatasi za hesabu za mwaka 2024.

Mnunuzi wa kwanza, tumuite A, ni kampuni ya huku kwetu Kongo. Karatasi yake inaonyesha deni la benki dola 40.000, na mali yake mwenyewe (mtaji) dola 100.000. Mnunuzi wa pili, B, ni kampuni ya Kampala inayokuja kununua kahawa ileile ya kando ya ziwa. Karatasi yake inaonyesha deni la benki dola 280.000, na mtaji dola 150.000.

Mjumbe mmoja anasema: «Huyu B amezama katika madeni. Tumupe A.» Wengi wanapiga makofi. Sisi tunasema: ngojeni kwanza. Angalieni tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi.

Tarehe ya karatasi

Karatasi ya A imefungwa tarehe 31 mwezi wa 12, 2024. Hii si bahati. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria ya uhasibu ya OHADA inasema mwaka wa hesabu ni miezi 12 inayoenda pamoja na mwaka wa kalenda, kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa kwanza.

Karatasi ya B imefungwa tarehe 30 mwezi wa 6, 2024. Huko Uganda mwaka wa kodi ya mapato unaanza mwezi wa saba na kuisha mwezi wa sita, na kampuni inaweza kuomba ruhusa ya kutumia tarehe ingine. Kumbe zote mbili zinaitwa «hesabu za 2024», lakini kati ya siku moja na ingine kuna miezi sita.

Sasa tukumbuke namna kahawa yetu inatembea. Cherry zinavunwa hasa kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Ndio wakati mnunuzi anakopa benki ili alipe wakulima. Mwezi wa sita depo yake imejaa kahawa, na deni lake liko juu kabisa. Kisha kahawa inakobolewa na kusafirishwa, malipo yanaanza kuingia kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi na moja, na benki inarudishiwa pesa zake. Mwezi wa kumi na mbili depo iko karibu tupu, na deni limeshuka.

Kwa hiyo B alipigwa picha wakati amebeba gunia kichwani, na A alipigwa picha akiwa ameisha kulitua. Karatasi ya deni na mali, ile tunaita bilani, ni picha ya siku moja tu. Haisemi mtu alibeba nini siku zingine.

Kuna alama ingine katika karatasi ya B inayothibitisha jambo hili. Kwenye mstari wa stoki kumeandikwa kahawa ya dola 350.000. Deni la 280.000 limesimama juu ya kahawa iliyo katika depo, inayongoja kuuzwa. Deni kubwa lenye stoki kubwa mbele ya mauzo ni jambo la kawaida katika kazi hii. Deni kubwa lenye depo tupu, hilo ndilo la kuogopesha.

Riba inasema kweli ya mwaka muzima

Mtauliza: tutajuaje deni la A lilikuwa ngapi mwezi wa sita, kama karatasi yake ni ya mwezi wa kumi na mbili? Njia iko. Muangalie karatasi ingine, ile ya mapato na matumizi. Hiyo si picha ya siku moja. Inakusanya miezi yote 12. Ndani yake mutafute mstari wa riba, yaani interesi iliyolipwa kwa benki.

Tuseme A alilipa riba ya dola 18.000, na benki yake inaomba asilimia 12 kwa mwaka. Maana yake kila dola 100 iliyokaa kwa mkopo mwaka muzima inazaa riba ya dola 12. Mugawanye 18.000 kwa 12, munapata 1.500. Muzidishe na 100, munapata 150.000. Basi, kwa wastani, A alikuwa na deni la dola 150.000 mwaka ule, si 40.000.

Tena wastani huu unaficha kilele. Kama miezi sita deni lilikuwa 40.000 tu, basi miezi sita ile ingine lilikuwa karibu 260.000, ili wastani utoke 150.000. Na kama lilipanda na kushuka pole pole, kuna siku lilipita hata hapo.

Tufanye hivyo kwa B. Alilipa riba ya dola 13.200, kwa asilimia ileile 12. Wastani wa deni lake ni 110.000. Sasa angalieni: A anabeba wastani wa 150.000 juu ya mtaji wa 100.000. B anabeba wastani wa 110.000 juu ya mtaji wa 150.000. Aliyeonekana mwepesi ndiye mwenye mzigo muzito zaidi. Na sisi tungemukopesha mwezi wa tano, wakati mzigo wake unakaribia kuwa mkubwa kupita miezi yote.

Hesabu hii iko na mipaka. Inaomba mujue asilimia ya kweli ya benki, na muulize kama mstari ule umechanganya na malipo mengine ya benki. Haitoi jibu la senti kwa senti. Inawaonyesha tu kama deni la siku ya kufunga linafanana na deni la mwaka, ao hapana.

Mauzo ya «2024», lakini ya mavuno gani?

Kamati iliona jambo lingine: A aliuza kwa dola 600.000, B kwa dola 500.000. Wakasema A ni mkubwa zaidi. Hapa pia tarehe inadanganya.

Mwaka wa B ulianza mwezi wa saba 2023 na kuisha mwezi wa sita 2024. Mauzo yake makubwa ndani ya mwaka huo ni kahawa iliyovunwa 2023. Mauzo makubwa ya A ni kahawa iliyovunwa 2024. Na bei hazikuwa sawa. Mwezi wa kumi 2023, arabika kwenye soko la Nyu Yoki ilikuwa chini ya dola 2 kwa ratili moja (karibu gramu 454). Mwisho wa mwezi wa kumi na moja 2024 ilipita dola 3,20, bei iliyokuwa haijaonekana tangu 1977. Kwa hiyo A anaweza kuonekana mkubwa sababu tu mwaka wake umeshika bei nzuri.

Kwa mauzo, tunaweza kusogeza mwaka wa B ili ufanane na wa A. Muombe B mauzo ya nusu mwaka mbili. Tuseme anawapa hizi:

- mwezi wa 7 hadi wa 12, 2023: dola 380.000
- mwezi wa 7 hadi wa 12, 2024: dola 510.000

Muchukue mauzo ya mwaka wake, 500.000. Mutoe nusu ya zamani, 380.000, inabaki 120.000, ambayo ni mauzo ya mwezi wa kwanza hadi wa sita 2024. Muongeze nusu mpya, 510.000. Munapata 630.000. Hayo ndiyo mauzo ya B kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili 2024, sawasawa na mwaka wa A. Sasa ni 630.000 mbele ya 600.000.

Angalisho: njia hii ya kutoa na kuongeza ni ya vitu vinavyokusanywa mwezi kwa mwezi, kama mauzo, mishahara, riba. Usiifanye kwa deni, stoki ao mtaji. Deni la mwezi wa sita na deni la mwezi wa kumi na mbili haviongezwi, kama vile hatuongezi kilo za mtoto alizopimwa mwezi huu na zile za mwezi uliopita. Kwa vitu hivyo, dawa ni kuomba hali ya siku moja kwa wote wawili: «Mutupe deni na stoki yenu tarehe 30 mwezi wa 6, na tarehe 31 mwezi wa 12.»

Muhesabu pia miezi. OHADA inaruhusu kampuni iliyoanza kazi katika nusu ya pili ya mwaka iwe na mwaka wa kwanza wa hesabu unaopita miezi 12. Kampuni iliyofunguliwa mwezi wa tisa 2023 inaweza kufunga mara ya kwanza mwisho wa 2024, nyuma ya miezi 16. Mauzo yake yataonekana makubwa bure.

Kazi ya kufanya katika kikundi

Kampuni C inafunga tarehe 31 mwezi wa 12. Deni lake siku hiyo ni dola 10.000. Riba iliyolipwa mwaka muzima ni dola 6.000, kwa asilimia 12. Wastani wa deni lake ulikuwa ngapi? Na kama mtaji wake ni dola 30.000, mungemupa kahawa mwezi wa tano alipe nyuma?

Jibu la sehemu ya kwanza: 6.000 kwa 12 ni 500. Mara 100 ni 50.000. Sehemu ya pili mujadiliane. Lakini mbele ya kupiga kura, katibu aandike kwenye ubao, kwa kila mnunuzi, vitu vitatu: hesabu zilifungwa tarehe gani, zinahesabu miezi mingapi, na siku ile kahawa ilikuwa wapi: kwenye mti, ndani ya depo, ao imeisha kuuzwa.