Makala ya Zamani Ikarabati, Anwani Usiiguse

Mdogo wangu mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Dada, makala yangu ya mabasi ya Dar hadi Dodoma ndiyo iliyokuwa ikileta wasomaji kuliko zote kwenye tovuti yangu. Niliiandika Septemba 2018. Siku hizi haileti mtu. Niifute niandike nyingine?"

Usiifute, mdogo wangu, na nyingine ya jambo lilelile usiandike. Anwani ya makala hiyo, hiyo `/2018/09/mabasi-dar-dodoma`, imekusanya mali kwa miaka yote hii. Kuna tovuti zilizoweka kiungo chake, kuna watu walioituma kwenye magrupu ya WhatsApp, na Google inaijua tangu zamani. Ukiifuta, kila anayebofya kiungo cha zamani atakutana na `404`. Ukiandika mpya na hii ukaiacha ilivyo, utakuwa na makala mbili zinazogombania msomaji mmoja, na mara nyingi ile mbovu ndiyo inayojitokeza kwanza.

Kabla hujagusa neno, tafuta kwanza kilichoiangusha. Fungua Search Console, nenda `Performance`, chuja anwani hiyo peke yake, kisha tumia `Compare` kulinganisha miezi mitatu iliyopita na miezi hiyohiyo ya mwaka jana. Usilinganishe Desemba na Machi, maana Desemba watu wanasafiri kwenda kwao na Machi wametulia makazini. Hapo utaona moja ya mambo matatu. Ikiwa makala inaonyeshwa kwa watu walewale na katika nafasi ileile lakini hawaibofyi, kichwa chako ndicho kisichowavuta. Ikiwa nafasi imeshuka, tuseme kutoka ya 4 hadi ya 17, yaliyomo yamepitwa na wakati au wengine wameandika vizuri zaidi. Na ikiwa nafasi ni ileile lakini inaonyeshwa mara chache, basi watu wenyewe wameacha kulitafuta jambo hilo, na hapo kubadilisha aya hakutakusaidia sana.

Kwa makala ya mabasi, mimi ningeanza kushuku hilo la pili likichanganyika na la tatu. Fungua `Queries` usome maneno wanayoandika watu. Mwaka 2018 aliyetaka kwenda Dodoma kwa njia ya ardhi aliulizia basi. Lakini treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Safari ambayo kwa basi inakula sehemu kubwa ya siku, kwa treni ni mwendo wa takribani saa nne. Ukikuta maneno kama "nauli ya SGR Dar Dodoma" yanaleta makala yako mbele ya watu halafu hakuna anayebofya, jibu umelipata: msafiri ni yuleyule, swali lake ndilo limebadilika.

Sasa pitia makala mstari kwa mstari, ukitia alama kila jina, kila bei na kila tarehe. Nimekufanyia mfano. Umeandika kwamba abiria apandie Ubungo, lakini mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli iliyozinduliwa Februari 2021. Fikiria mtu mwenye mabegi na watoto aliyekuamini akashukia Ubungo alfajiri. Umeandika kuwa nauli zinapangwa na SUMATRA, wakati kazi hiyo ilihamia LATRA mwaka 2019. Na nauli zenyewe ulizoandika zimekufa zaidi ya mara moja, kwa kuwa viwango vipya vya LATRA vilianza kutumika mwaka 2022 na tena Desemba 2023. Bei mpya usiiandike ikiwa tupu. Andika imetangazwa na nani na lini, uweke na kiungo cha tangazo, ili msomaji wa mwakani ajue anasoma bei ya wakati gani.

Baada ya masahihisho, ongeza sehemu nzima ya treni: vituo, tiketi zinavyokatwa, muda, mizigo, na ni nani bado anafaa kupanda basi. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau, nami naiona ndiyo yenye thamani kubwa kwa msomaji, kwa sababu basi litakushusha pia pale ambapo treni haina kituo. Sehemu hii iweke juu, kabla ya mabasi, maana ndiyo inayoulizwa sasa.

Katika kupunguza, nenda polepole. Neno "Ubungo" usilifute lote kama `Queries` inaonyesha bado kuna wanaolitafuta. Waachie sentensi moja inayosema stendi ilihamia Mbezi Luis, wafike wanakokwenda. Vichwa vidogo vyenye alama ya kurukia, mfano `#nauli`, viache na alama zao zilezile hata ukibadilisha maneno, kwani huenda mtu ameunganisha hapo moja kwa moja.

Kichwa kikuu kibadilishe bila woga, kwa mfano "Dar hadi Dodoma kwa SGR au basi: nauli, muda na vituo." Kwenye WordPress, kubadilisha kichwa cha makala iliyokwisha kuchapishwa hakubadilishi anwani. Tahadhari ipo kwenye tarehe. Anwani yako ina mwaka na mwezi ndani yake, kwa hiyo ukienda kubadilisha tarehe ya kuchapishwa ili ionekane mpya, anwani nayo inabadilika. Tarehe ya 2018 iache. Juu ya makala andika "Imesasishwa" na tarehe ya leo, kisha msomaji aone chini yake umebadilisha nini. Ule mchezo wa kugeuza tarehe tu huku makala ikibaki vilevile, Google wenyewe wanaonya dhidi yake, na msomaji akikuta Ubungo chini ya tarehe ya mwaka huu hatakuamini tena.

Najua neno "mabasi" kwenye anwani litakukera sasa makala inapozungumzia treni. Livumilie. Msomaji anaangalia kichwa, na anwani iliyopitwa na wakati kidogo ina hasara ndogo kuliko anwani iliyovunjika. Kama kuna sababu isiyokwepeka ya kuihamisha, weka uelekezaji wa kudumu, `301`, kutoka ya zamani kwenda mpya, kisha bofya ya zamani mwenyewe uone inakupeleka wapi.

Si kila makala inafaa kutengenezwa namna hii. Habari ya tukio, mfano ripoti uliyoandika siku treni ilipozinduliwa, ni kumbukumbu ya siku hiyo. Hiyo iache ilivyo, na ukitaka weka juu kiungo cha makala mpya.

Kabla ya kuhifadhi mabadiliko, tunza nakala ya makala ya zamani na uandike tarehe ya leo pembeni. Ukishachapisha, ingiza anwani kwenye `URL Inspection`, ubofye `Request Indexing` mara moja tu, kurudia hakuharakishi. Kisha uiache itulie wiki kadhaa bila kuichokoa. Baadaye linganisha siku 28 za baada ya mabadiliko na siku 28 za kabla yake, ukiangalia zaidi maneno ya treni kama yameanza kuleta mibofyo. Nafasi ikipanda na mibofyo ikabaki chini, rudi kwenye kichwa peke yake. Na LATRA wakitangaza nauli nyingine, ingia siku hiyohiyo ubadilishe bei na tarehe, kwa sababu kuna mtu atapanga hela ya safari kwa namba uliyomwandikia.