Mapigo ya moyo mkononi: jinsi ninavyoisoma saa yangu bila hofu

Nilinunua saa janja baada ya mjomba kulazwa kwa ugonjwa wa moyo. Muda si mrefu nikawa naitazama kila nikinyanyuka kitini, hata usiku nikigeuka kitandani. Ahueni ilianza nilipoelewa saa ile inapima nini.

Chini yake kuna mwanga wa kijani unaomulika ngozi. Damu huunyonya mwanga huo, hivyo kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa huhesabu mabadiliko hayo. Mkanda ukilegea hesabu huharibika. Ukitembea kwa kasi, saa yaweza kuhesabu hatua zako ikidhani ni mapigo.

Lakini hata namba sahihi hutisha. Jioni moja nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, nikaketi, saa ikaonyesha 104. Nikatazama tena: 109. Tena: 115. Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100, kwa hiyo nikaamini moyo umeharibika. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, akaniambia, "Ivue, iweke mezani, tuongee mengine." Baada ya robo saa niliivaa tena, ikasoma 78. Ngazi ndizo zilizoanzisha, kisha hofu ikamwaga adrenalini, na adrenalini huongeza kasi ya moyo. Kila nilipotazama niliogopa, na kila nilipoogopa namba ilipanda.

Namba ikiwa nzuri, nayo ina mtego wake. Unapata nafuu ya dakika chache, na akili inajifunza kwamba usalama umetokana na kutazama, kwa hiyo inadai utazame tena. Ndiyo maana niliyaondoa mapigo kwenye uso wa saa. Kuyaona sasa kunanilazimu kufungua programu ya simu. Hamu ikinijia naiahirisha kwa dakika kumi huku nikiendelea na kazi, na mara nyingi hupoa yenyewe. Sijipimi kwa vidole shingoni pia, maana huko ni kubadilisha kifaa tu, tabia ni ileile.

Jumapili asubuhi nafungua wastani wa mapigo ya mapumziko wa wiki nzima na kuulinganisha na wiki zangu zilizopita, si na za mtu mwingine. Ukipanda kidogo najiuliza kama nilikuwa na homa, nililala vibaya au sikunywa maji ya kutosha. Ukibaki juu wiki kadhaa bila sababu, nitaupeleka kwa daktari.

Ukipata maumivu ya kifua, ukizimia au ukikosa pumzi, nenda hospitali mara moja hata kama saa inaonyesha 70, kwa sababu saa haiwezi kugundua shambulio la moyo. Na kama umepimwa, moyo ukaonekana mzima, lakini bado huwezi kuacha kutazama, mweleze daktari hilo pia. Hofu ya ugonjwa ina tiba yake.