Kusafiri kwa Ndege na Vifaa vya Gemu: Dar hadi Dubai na Kurudi

Tuseme unatoka Dar es Salaam kwenda Dubai na Emirates, ukiwa na Steam Deck OLED, laptopu ya gemu na pawabenki.

1. Piga hesabu ya betri kabla ya kufunga begi. Kinachoangaliwa ni nishati kwa wati-saa (Wh). Betri isiyozidi 100 Wh hupita bila kuombewa kibali. Kati ya 100 na 160, shirika la ndege likubali kwanza. Ikizidi hapo, abiria haruhusiwi kuibeba. Steam Deck OLED ina 50 Wh. Laptopu nyingi kubwa za gemu huishia 99, na hilo si bahati: watengenezaji wanaujua mpaka.

Pawabenki ikiandikwa mAh tu, zidisha kwa volti 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 mAh ni 74 Wh, inapita. Ya 30,000 ni 111, iache nyumbani: tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates huruhusu pawabenki moja tu, iliyo chini ya 100 Wh na yenye maandishi yanayosomeka. Ndani ya ndege huruhusiwi kuitumia wala kuichaji.

2. Vyote vibebe mkononi. Betri ikiwaka kabini, wahudumu wataiona na kuizima. Kwenye mizigo ya chini hakuna mtu. Mtego uko mlangoni: kabini ikijaa, begi lako huchukuliwa likashushwe chini. Toa pawabenki hapo hapo, na vifaa pia ukiweza.

3. Kinga kwa kufikiria pigo litatoka wapi. Kwenye konsoli, vijiti vya kuchezea ndivyo vinavyotokeza, kwa hiyo tumia kasha gumu lenye nafasi yao. Mfuko laini hautoshi. Adui wa laptopu ni chaja yake yenyewe: ile tofali nzito ikikaa juu ya mfuniko, begi likibanwa, kona yake huikandamiza skrini. Iweke mfuko mwingine.

4. Zima laptopu kabisa, usiilaze tu. Laptopu iliyolala huweza kuamka begini na kuchemka. Ila ibaki na chaji, maana mkaguzi anaweza kukuambia uiwashe. Padi ya kugusa ikiwa imeinuka au mgongo umeachana, betri imevimba, usisafiri nayo.

5. Jiandae kwa Forodha kabla ya kuondoka. Vitu vyako vilivyotumika havitozwi ushuru unaporudi, lakini ni lazima uweze kuonyesha kwamba ulitoka navyo. Beba risiti ya zamani na picha ya namba ya mfululizo iliyo mgongoni mwa kifaa, au waombe maofisa wa Forodha uwanjani waiandike kabla hujapanda.

Ukinunua konsoli au laptopu nyingine Dubai, pita njia nyekundu na risiti yake. Kuitoa kwenye boksi hakuifanyi kuwa ya zamani, na ofisa akiikuta kwenye njia ya kijani, utaulizwa kwa nini hukuitaja.