Mwangwi Katika Sebule ya Vigae: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Pazia na Zulia

Mlaji anayehamia nyumba yenye sakafu ya vigae, kuta za plasta laini na dari ya jipsamu hugundua upesi kwamba sauti humo haitulii. Televisheni huongezwa sauti, lakini maneno bado hayasikiki vizuri. Sababu ni kwamba kigae hunyonya takriban sehemu 2 tu kati ya 100 za sauti inayokigonga. Zilizosalia hurudishwa chumbani na kugonga ukuta mwingine, kisha dari, kisha sakafu tena. Neno la kwanza huwa bado linavuma wakati la pili limekwisha kutamkwa. Kuongeza sauti ya televisheni hakusaidii, kwa kuwa mwangwi nao huongezeka kwa kiasi kilekile.

Kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio lisilo na gharama. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kwa nguvu, usikilize mvumo unaofuata. Kisha chukua magodoro mawili na mablanketi ya chumbani, uyasimamishe kwenye ukuta mmoja mtupu, upige kofi tena. Mvumo ukikatika mapema, umekwisha kujua kwamba vitu laini vitakusaidia, na hata ukuta upi unavihitaji zaidi.

Tuchukue mfano wa sebule yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Jumla ya sakafu, dari na kuta ni mita za mraba 94. Kwa wastani wa sehemu 3 kati ya 100, chumba kizima hunyonya sauti sawa na dirisha lililo wazi lenye mita za mraba 3 hivi, kwani sauti inayotoka dirishani hairudi. Katika hali hiyo, sauti kubwa hudumu takriban sekunde 3 kabla ya kufifia.

Sasa tundika pazia zito lenye upana wa mita 3.2 na kimo cha mita 2.5. Likiwa na mikunjo mingi, hunyonya karibu nusu ya sauti ya mazungumzo inayolifikia, yaani ni sawa na kuongeza dirisha wazi la mita za mraba 4. Muda wa mwangwi hushuka hadi sekunde 1.4 hivi. Makochi ya kitambaa pamoja na zulia nene la mita 2 kwa 3 huushusha hadi karibu sekunde 0.8, na hapo mazungumzo husikika bila taabu. Angalia kwamba pazia peke yake limefanya zaidi ya nusu ya kazi. Kadiri chumba kinavyojaa vitu laini, kila kinachoongezwa huleta nafuu ndogo zaidi. Basi anza na pazia, usikilize, ndipo uamue kuhusu zulia.

Mikunjo si pambo. Kwa pazia la upana wa mita 3.2, nunua kitambaa cha mita 6.4, na fimbo ifungwe sentimita 10 hivi kutoka ukutani. Kitambaa chepesi kilichonyooshwa na kugusana na ukuta hupunguza milio myembamba tu, na sauti nzito hubaki kama ilivyokuwa. Zulia nalo huwa bora zaidi likiwekewa kitako cha sponji chini yake.

Wauzaji wengine hudai kwamba pazia lao huzuia kelele za nje. Dai hilo lipokee kwa tahadhari. Muziki wa baa ya jirani na muungurumo wa jenereta hupita katika nyufa za milango, madirisha ya luva na kuta nyepesi. Pazia hupunguza mvumo wake ukishaingia, lakini haliuzuii kuingia. Fedha ya kazi hiyo ni afadhali itumike kuziba nyufa na kufunga vioo visivyopitisha hewa. Kwa aliye ghorofani, hata hivyo, zulia humsaidia jirani wa chini, kwa kuwa hulainisha kishindo cha nyayo na viti.

Trei za mayai hazifai: hunyonya sauti kidogo na hushika moto haraka. Sponji tupu ya magodoro ibandikwayo ukutani ni hatari kubwa zaidi, kwani huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu.

Dukani, weka kitambaa mdomoni upulize. Hewa inapaswa kupita, lakini kwa ugumu. Ikipita bila kizuizi, kitambaa ni chepesi mno. Isipopita kabisa, huenda kina mpako wa plastiki, nacho kitarudisha sehemu kubwa ya sauti chumbani, hata kama ni kizito na bei yake ni kubwa.