Tangaza Uhusiano Kabla ya Mzabuni Kuchaguliwa

Mgongano wa maslahi haumaanishi kwamba mtu tayari amekula rushwa. Unamaanisha kwamba anafanya uamuzi wa umma huku mfuko wake mwenyewe, au wa jamaa yake, ukiguswa na uamuzi huo. Tuchukue mfano wa kubuni tuone jinsi jambo hili hushughulikiwa.

Kaunti imetangaza zabuni ya kununua matangi ya maji kwa vituo vya chekechea vya Mraru na Tausa, wadi ya Mbololo. Afisa mmoja wa kaunti ameteuliwa katika kamati ya kutathmini zabuni. Bahasha zinapofunguliwa, anakuta kwamba mmoja wa wazabuni watatu ni mfanyabiashara anayepanga duka katika jengo lake mjini Voi. Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi, na mpangaji ana deni la miezi mitatu, yaani shilingi 54,000.

Mpangaji huyu si ndugu yake, wala afisa hana hisa katika biashara ile. Hata hivyo, mpangaji akipata kazi hiyo, huenda deni likalipwa. Kupekua orodha ya wamiliki wa biashara hakungeonyesha jambo hili, kwa sababu jina la afisa halimo. Anayelijua ni yeye na mpangaji wake tu. Ndiyo maana afisa hapaswi kujiamulia mwenyewe kwamba ni jambo dogo.

Hatua ya kwanza ni kusimama papo hapo. Asisome zabuni zaidi, asitoe alama, wala asimpigie mpangaji simu. Siku hiyo hiyo amwandikie Afisa Mkuu wa idara, aliyemteua, na nakala impate afisa anayesimamia uzingatiaji wa sheria na maadili. Kuandika tu kwamba "nina uhusiano na mzabuni" hakutoshi. Barua itaje nambari ya zabuni, jina la biashara, upangaji ulianza lini, kodi ni kiasi gani, deni ni kiasi gani, na ni karatasi gani alizokwisha kuziona.

Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inamzuia mwenye mgongano wa maslahi kushiriki katika shughuli za zabuni husika. Kwa hiyo anaondolewa katika kamati na tamko lake linaandikwa katika kumbukumbu za kikao. Kamati ya tathmini huwa na watu 3 hadi 5. Ikiwa walikuwa watatu, lazima mwingine ateuliwe kabla kazi kuendelea. Tathmini hupewa siku zisizozidi 30, hivyo tamko la mapema halichelewishi matangi.

Mfanyabiashara naye ana wajibu wake. Fomu ya maelezo ya biashara iliyo ndani ya hati za zabuni inauliza kama kuna mtu katika taasisi inayonunua mwenye maslahi au uhusiano na biashara hiyo. Katika mfano wetu, jibu ni ndiyo, pamoja na maelezo. Afisa akitangaza na mfanyabiashara akajibu hapana, karatasi hizo mbili zinapingana, na hapo maswali huanza.

Je, afisa akinyamaza? Tuseme mpangaji ameshinda, tena kwa haki, kwa bei ya chini kuliko wote. Mzabuni aliyeshindwa anasikia habari za jengo lile. Ana siku 14 baada ya kuarifiwa matokeo kupeleka malalamiko kwa bodi ya kitaifa ya kukagua maamuzi ya zabuni, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Mkataba unasimama kwa muda huo, na huenda tathmini ikarudiwa. Bei nzuri haisaidii tena, kwa maana hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba alama zilitolewa bila upendeleo. Watoto wa Mraru wanaendelea kubeba maji kutoka nyumbani.

Tamko pia lina mipaka yake. Halimpi afisa ruhusa ya kurudi kazini kwa mlango wa nyuma. Hata mkataba ukishatiwa saini, bado hawezi kushiriki uamuzi wowote kuuhusu. Matangi yakifika Tausa, asiwe yeye anayeyakagua, kuyapokea au kuidhinisha malipo.

Tangu mwaka 2025 Kenya ina Sheria ya Mgongano wa Maslahi, inayosimamiwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Mkazi mwenye habari za uhusiano uliofichwa anaweza kuiarifu tume hiyo. Ataje zabuni, biashara na uhusiano anaoujua, bila kuongeza uvumi.